Beringi ziko stoo kwako, lakini ni za nani? Mali kauli na stoo inayosimamiwa na msambazaji

Chukua kiwanda cha katani kati ya Muheza na Korogwe. Kwenye rafu moja ya stoo zimepangwa beringi 18 za UCP 208, zile zinazokuja na kibanda chake na kukaa kwenye shafti ya milimita 40. Zimeletwa na msambazaji wa spea kutoka Tanga mjini, na kiwanda hakijalipa hata shilingi. Usiku stoo inaungua. Nani kapoteza?

Ukiuliza watu watano utapata majibu matatu. Mmoja atasema hasara ni ya aliyeleta, kwa kuwa hajalipwa. Mwingine atasema ni ya kiwanda, kwa kuwa mzigo ulikuwa mikononi mwake na risiti ya mapokezi ilisainiwa. Wa tatu atasema bima italipa. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, kutegemea kilichoandikwa kwenye mkataba. Kama hakuna kilichoandikwa, wote watatu watakutana kwa wakili.

Vurugu inaanza pale tunapotumia neno "mali kauli" kwa kila mzigo unaochukuliwa kabla ya kulipiwa. Chini ya neno hilo kuna biashara mbili tofauti. Ya kwanza ni mauzo ya mkopo: mzigo umekuwa wako tangu ulipoupokea, na unachodaiwa ni pesa. Ya pili ni mzigo kuwekwa kwako ukiwa bado ni mali ya aliyeuleta, na unanunua kimoja kimoja kadiri unavyochukua. Hapa chini, ninaposema mali kauli, nina maana hiyo ya pili.

Kuitambua ni rahisi ukisoma masharti badala ya kichwa cha mkataba. Je, msambazaji anaweza kuja kesho akachukua beringi zake akazipeleka kwa mteja mwingine? Je, wewe unaweza kuzirudisha bila kulipa? Je, deni linaanza pale tu unapotumia? Majibu yakiwa ndiyo, hiyo ni mali kauli. Lakini kama mkataba unasema baada ya siku 90 utalipa iwe umetumia au hujatumia, na huna haki ya kurudisha, umeshanunua kwa mkopo wa miezi mitatu, hata kama karatasi imeandikwa mali kauli kwa herufi kubwa. Kiwango cha uhasibu cha IFRS 15 kinatazama dalili hizohizo: muuzaji haandiki mapato kwa sababu tu mzigo umefika kwa mteja, ikiwa bado anaweza kuurudisha na mteja bado halazimiki kuulipia. Kwa hiyo beringi zile 18 zinabaki kwenye hesabu ya bidhaa ya msambazaji, zikiandikwa kwamba zipo stoo ya kiwanda fulani. Kiwanda hakiziingizi kwenye mali yake, ingawa ziko hatua kumi kutoka ofisini.

Sasa kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hilo: nani anaamua rafuni ziwe beringi ngapi na ziletwe lini? Kwa kawaida mteja ndiye anayeagiza. Kwenye stoo inayosimamiwa na msambazaji, anayehesabu, anayeamua na anayeleta ni msambazaji mwenyewe. Mteja hatoi oda kila mara; anatoa taarifa za matumizi na kukubali mipaka. Hili halina uhusiano wa lazima na umiliki. Msambazaji anaweza kusimamia rafu yenye mzigo ambao tayari ni wako. Na wewe unaweza kuagiza mwenyewe mzigo ambao utabaki kuwa wake.

Nasisitiza kutenganisha haya mawili kwa sababu kila mchanganyiko una kishawishi chake. Msambazaji anayesimamia rafu huku kila anacholeta kinakuwa mauzo papo hapo atashawishika kujaza. Mwisho wa mwezi, lengo lake la mauzo likiwa halijafikiwa, rafu yako ndiyo itakayolifikia. Kinyume chake, mteja anayeagiza mwenyewe mzigo asioulipia mpaka autumie atashawishika kulimbikiza, maana kulala kwa mzigo hakumgharimu kitu. Mtaji uliofungwa ni wa mwenzake. Anayeamua na anayelipia mzigo kulala akiwa mtu mmoja, vishawishi hivyo vinapungua sana. Ndiyo maana mali kauli na usimamizi wa msambazaji huenda vizuri pamoja. Ila hata hapo lazima kuwe na kiwango cha juu na cha chini kilichoandikwa, kwa sababu msambazaji mwenye mtaji mdogo naye atashawishika kuacha rafu ipungue, na kiwanda hakiwezi kusubiri. Majani ya katani yakishakatwa hayakai siku nyingi bila kusindikwa, na mkanda wa kuyapeleka mashineni ukisimama kwa kukosa beringi moja, kila kilichokatwa shambani kinaanza kuharibika.

Kiwango cha juu hakikisiwi. Tuseme kiwanda hutumia wastani wa beringi 4 kwa wiki, na wiki mbaya hufika 6. Kazi ile ni ya maji mengi, na maji yanayotoka kwenye jani la katani ni makali kwa chuma, kwa hiyo beringi za huko hazifi kwa uzee tu. Msambazaji anahesabu kila Jumatatu, na akiagiza, mzigo unachukua siku 14 kufika rafuni. Muda wa kujikinga si siku 14 bali 21, kwa sababu kitakachopungua Jumanne hakitaonekana mpaka Jumatatu inayofuata, ndipo siku 14 zianze. Wiki 3 kwa matumizi ya 6 ni beringi 18. Hicho ndicho kiwango cha juu, kikijumlisha zilizo rafuni na zilizo njiani. Kila Jumatatu msambazaji anaagiza idadi iliyotumika wiki iliyopita, basi. Kosa linalojirudia ni kusahau zilizo njiani: rafuni kuna 8, anaagiza 10 ili zifike 18, kumbe 6 ziko safarini kutoka Dar es Salaam. Wiki mbili baadaye rafu imefurika na watu wanadhani hesabu ilikuwa mbovu.

Hesabu hiyo inasimama juu ya taarifa za mteja. Kiwanda kikipanga kusimamisha laini moja kwa matengenezo, au kikibadilisha shafti ikawa ya milimita 50, msambazaji lazima aambiwe mapema. Mkataba useme taarifa inatolewa siku ngapi kabla, na kwamba kilicholetwa baada ya mteja kukaa kimya kitakuwa juu ya mteja.

Turudi kwenye umiliki, kwa maana hapa ndipo uzito ulipo. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, umiliki wa bidhaa inayojulikana huhama pale wahusika wanapokusudia uhame. Sheria inawaachia ninyi. Msiposema, itatafuta nia yenu kwenye maneno, mwenendo na mazingira, na huko hakuna anayejua ataangukia wapi. Basi chagueni tukio moja linaloonekana kwa macho. Kwa spea, tukio linalofaa ni beringi kutoka kwenye rafu ya mali kauli kwa hati ya kutolea yenye tarehe, idadi, mashine inayokwenda na sahihi. Usichague "inapofungwa mashineni," kwa sababu kati ya rafu na mashine beringi inaweza kukaa siku nne kwenye droo ya fundi, na katika siku hizo nne hakuna anayejua ni ya nani.

Kuna mtego mwingine kwenye sheria hiyohiyo. Bidhaa ikitolewa kwa masharti ya kununua au kurudisha, mpokeaji akakaa nayo kupita muda uliowekwa bila kusema anaikataa, umiliki huhamia kwake. Kama muda haukuwekwa, sheria inatazama muda unaofaa. Kwa hiyo sentensi ya nia njema kama "zisizotumika zirudishwe ndani ya siku 90" inaweza kukugeuza mnunuzi siku ya 91, wakati kila upande ungali unaamini kwamba mzigo ni wa msambazaji. Ni bora kuandika wazi: kukaa muda mrefu pekee hakuhamishi umiliki, kitu kikipita siku 180 bila kuguswa, pande mbili zinakutana na kuamua kama kinarudi, kinabadilishwa au kinanunuliwa, na mpaka waamue kwa maandishi kinabaki cha msambazaji.

Hasara nayo ina kanuni yake ya kuanzia. Sheria ileile inasema hasara hufuata umiliki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Beringi hazijahama, basi moto usiosababishwa na uzembe wa kiwanda ni hasara ya msambazaji. Lakini kiwanda hakikai huru kabisa. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anayetunza mali ya mwingine anatakiwa kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza yake. Paa likivuja wakati wa masika, mtunza stoo akaripoti, hakuna aliyelitengeneza, boksi zikalowa na beringi zikashika kutu, hiyo ni juu ya kiwanda. Kutu ikitokana na karatasi ya kinga iliyochanika kabla ya mzigo kufika, ni juu ya msambazaji. Tofauti inaonekana kwa kuangalia boksi: lenye kutu ndani huku nje ni kavu huenda lilikuja hivyo. Ndiyo maana mapokezi yafanywe kwa kufungua boksi mojawapo la kila fungu, siyo kuhesabu maboksi tu na kusaini.

Mikataba mingi hubadilisha kanuni hiyo ya kuanzia, na kwa maoni yangu ni sawa kufanya hivyo. Umiliki unabaki kwa msambazaji mpaka beringi itoke rafuni, ila hasara ya upotevu, wizi, maji na moto inabebwa na kiwanda tangu mapokezi, kwa kuwa kiwanda ndicho chenye funguo, mlinzi na paa. Msambazaji aliye Tanga mjini hawezi kulinda stoo iliyo mbali naye. Kibaya ni kuacha jambo hili kimya, au kuandika "mali itabaki ya msambazaji mpaka ilipiwe" kisha kudhani sentensi hiyo imeshajibu swali la hasara. Imejibu kinyume na ulivyodhani: imeiacha hasara kwa mwenye mali.

Anayebeba hasara ndiye anayepaswa kuwa na bima, na bima ya kawaida ya moto ya kiwanda inaweza kuwa inataja mali ya kiwanda peke yake. Soma hati yake. Unatafuta maneno yanayoingiza mali ya watu wengine iliyo chini ya uangalizi wa kiwanda. Yasipokuwepo, omba yaongezwe kabla boksi la kwanza halijashuka. Halafu tazama kiasi. Tuseme spea zote za mali kauli, beringi, mikanda na minyororo, zikifika kiwango cha juu zina thamani ya shilingi milioni 24, lakini bima imewekwa kwa milioni 12 kwa kuwa ndiyo wastani. Siku rafu zimejaa, moto unateketeza mali ya milioni 6. Hati nyingi zina sharti la uwiano: umekata bima ya nusu, unalipwa nusu. Inakuja milioni 3, na milioni 3 zilizobaki zinamwangukia aliyekubali kubeba hasara. Bima ihesabiwe kwa rafu iliyojaa.

Sasa tufunge mwezi mmoja, maana ugomvi wa kweli hutokea hapa kuliko kwenye moto. Tarehe 1 kulikuwa na beringi 16. Katika mwezi zimeletwa 14. Tarehe 30 mwakilishi wa msambazaji na mtunza stoo wanahesabu pamoja na kukuta 11. Zilizotoka ni 16 jumlisha 14 toa 11, yaani 19. Hati za kutolea zinaonyesha 17. Mbili hazina maelezo.

Wengi humaliza kwa kuandika ankara ya 19 na kusonga mbele. Usifanye hivyo kabla ya kujua zile mbili zilikwenda wapi, kwa sababu kila njia ina mlipaji wake. Anza na daftari la matengenezo la mafundi. Sababu ya kawaida kuliko zote ni shifti ya usiku. Saa nane mkanda umesimama, mtunza stoo kalala kwake, funguo ziko kwa mlinzi. Fundi anakuja mbio: "Kaka, nifungulie nichukue UCP mbili, hati nitasaini asubuhi." Asubuhi anaingia fundi mwingine. Ukizikuta mbili hizo daftarini zimefungwa usiku ule, hayo ni matumizi. Andika hati kwa kuchelewa, na ankara iwe ya 19. Dawa yake ni kijitabu cha hati kilichofungwa kwa kamba kwenye rafu, na mlinzi apewe ruhusa ya kusaini kama shahidi. Kukataza watu wasiingie usiku hakufui dafu, kwa sababu mashine ikisimama wataingia tu.

Daftari lisipoonyesha kitu, rudi kwenye hati za mapokezi. Linganisha idadi iliyosainiwa na namba za maboksi. Gari likifika jioni, mtu husaini 6 kwa kuamini karatasi, kumbe zimeshushwa 4. Kama kiwanda kilisaini bila kuhesabu, mkataba wa kawaida unakifunga. Ndiyo faida ya kuandika kwamba dosari ya idadi iripotiwe ndani ya saa 48.

Njia ya tatu ni mchanganyiko, na ndiyo ngumu kuikamata. Kabla ya mpango kuanza, kiwanda kilikuwa na UCP 208 zake, labda 5 kwenye rafu ya upande wa pili. Fundi anachukua ya mali kauli bila hati, mtunza stoo anapunguza ile ya kiwanda kwenye kadi. Jumla ya stoo nzima inakuwa sawa kabisa, lakini rafu ya msambazaji imepungukiwa. Ukiona upungufu upande mmoja na ziada ya idadi ileile upande mwingine, umeipata. Kinga ni kumaliza kwanza za kiwanda kabla ya kuanza, au msambazaji azinunue ili siku ya kwanza rafu iwe na mwenye mali mmoja. Ikishindikana, kila boksi la mali kauli libandikwe lebo ya rangi, na kibanda cha beringi kipigwe alama ya rangi hiyohiyo, kwa kuwa boksi hutupwa.

Zikishindikana kupatikana kwa njia zote hizo, zimepotea. Kwa mkataba tulioueleza, kiwanda kinazilipia, ila kwa hati yake ya upotevu, tofauti na matumizi. Ukizichanganya, msambazaji atadhani matumizi yamepanda na kuongeza kiwango cha juu, na wizi utalishwa mzigo zaidi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 40,000, ankara ya matumizi ya 17 ni 680,000; VAT ya asilimia 18 ni 122,400; jumla 802,400. Upotevu wa 2 ni 80,000 kabla ya kodi, kwenye karatasi nyingine. Na ankara ya kodi isitolewe siku mzigo unapofikishwa. Siku hiyo inatosha hati ya makabidhiano inayosema wazi kwamba ni mali kauli. Ankara ikishatoka, VAT inadaiwa hata kama beringi ingali rafuni.

Tishio jingine ni wadai wa kiwanda. Benki yenye dhamana juu ya mali zote za kampuni, au dalali wa mahakama mwenye amri ya kukamata, akiingia stoo hataona lebo ya moyoni mwako. Ataona spea ndani ya jengo la mdaiwa. Msambazaji anayetaka kuzitoa anatakiwa aonyeshe kwamba ni zake, na ushahidi unaosimama ni ule uliokuwepo kabla ya ugomvi: rafu yenye wavu na kufuli, kibao chenye jina lake, hesabu ya kila mwezi yenye sahihi mbili, na barua kwa benki ya kiwanda iliyopokelewa kwa muhuri. Mkataba peke yake, uliosainiwa miaka mitatu nyuma na usiotaja idadi yoyote, utabishaniwa.

Kiwanda angalau hutumia. Duka la vifaa Ngamiani linalochukua rangi kwa mali kauli linauza, na hapo ulinzi wa umiliki unakuwa mfupi zaidi. Mteja aliyenunua ndoo dukani kwa nia njema, kwenye biashara ya kawaida ya duka, ameipata. Huwezi kumfuata nyumbani kwake Chumbageni ukaidai. Unachobaki nacho ni pesa ya ndoo ile. Na pesa ikishaingia droo moja na za sukari na misumari, huwezi kuitofautisha, kwa hiyo duka likifilisika unasimama foleni na wadai wengine. Umiliki unalinda ndoo ambazo hazijauzwa, basi. Anayetaka kulinda na mauzo adai yaingizwe kwenye akaunti au namba ya simu ya peke yake kila jioni, na asiache duka liende wiki nne bila hesabu. Kwa duka dogo, kuhesabu kila wiki kunakinga zaidi ya ukurasa wowote wa mkataba.

Mwisho wa mkataba nao uandikwe siku ya mwanzo, wakati watu bado wanaelewana. UCP 208 haina tabu, kila mwenye shafti ya milimita 40 ataitaka. Tabu iko kwenye vitu vilivyoletwa kwa ajili ya kiwanda kimoja, kama mnyororo wa urefu maalumu au beringi ya mashine ya zamani ambayo haipo kwingine. Hivyo viorodheshwe kwa namba zake, na iandikwe kwamba mkataba ukiisha kiwanda kitavinunua kwa bei ya orodha ndani ya siku 30, huku vingine vyote msambazaji akivichukua kwa gari lake baada ya hesabu ya pamoja. Orodha hiyo ipitiwe kila baada ya miezi sita, maana mashine ikiuzwa chakavu, spea zake nazo hazina tena sababu ya kukaa rafuni.